Kichanga anaguna, anashtuka na pumzi inasimama usingizini: jinsi ya kujua lini umwache alale na lini ukimbie hospitali

Wazazi wengi wanaofika hospitali saa nane za usiku na kichanga mkononi hawaji na mtoto anayelia. Wanakuja na mtoto aliyelala. Wanasema alikuwa anaguna kama anayesukuma kitu kizito, uso ukaiva, mwili ukajinyonganyonga, pumzi zikaenda mbio halafu zikasimama kabisa, kisha mkono ukaruka. Mara nyingi nesi akimfunua anakuta mtoto ametulia, kifua kinapanda na kushuka vizuri, na midomo ina rangi yake. Anampima na kuwarudisha nyumbani, nao wanaondoka nusu wamefarijika, nusu wanaona aibu.

Aibu haina nafasi hapa. Mtoto mwingine anayeguna hivyohivyo ana nimonia au maambukizi kwenye damu, na kwa kichanga ugonjwa wa namna hiyo unaweza kumzidi ndani ya saa chache. Sauti peke yake haikuambii ni yupi. Kinachokuambia ni mpangilio wake. Kelele za usingizi huja na kuondoka bila utaratibu, na hukoma mtoto anapoamka au anapozama kwenye usingizi mtulivu. Kelele za ugonjwa hufuata kila pumzi, moja baada ya nyingine, na hazijali kama mtoto amelala au yuko macho. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata ni namna ya kulithibitisha.

Kwanza elewa usingizi wake ulivyo

Kichanga ana usingizi wa aina mbili. Kuna usingizi mtulivu: uso umelegea, pumzi zinakwenda sawasawa, mwili hausogei ila mara mojamoja anaposhtuka. Na kuna usingizi wenye harakati: macho yanakimbia chini ya kope, anatabasamu, anakunja uso, ananyonya hewa, anaguna, vidole vinacheza. Tabasamu hilo ndilo wazee husema anazungumza na malaika. Kwa mtoto aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia, karibu nusu ya usingizi wake wote ni huu wenye harakati. Akilala saa 16 kwa siku, basi saa kama 8 hivi ni za purukushani.

Usingizi huu ulianza kuchunguzwa kwa watoto. Eugene Aserinsky, wa Chuo Kikuu cha Chicago, alianza kwa kukaa kando ya watoto wachanga waliolala akitazama kope zao, kabla yeye na mwalimu wake Nathaniel Kleitman hawajachapisha, mwaka 1953, kwamba hata mtu mzima ana kipindi cha usingizi ambacho macho hukimbia huku na huko.

Tofauti kubwa kati yetu na kichanga ni mbili, na zote zinaeleza usiku wako. Ya kwanza ni kwamba mtu mzima akifumba macho huanza na usingizi mtulivu, ilhali kichanga huanza na ule wenye harakati. Ndiyo maana kelele huanza muda mfupi tu baada ya kumlaza. Mzunguko wake mzima ni mfupi, kama dakika 50 hadi 60, kwa hiyo purukushani hurudi mara nyingi usiku mmoja. Mpangilio huu hubadilika taratibu kuanzia karibu miezi 3.

Ya pili ni kwamba mtu mzima anapoota, shina la ubongo huifunga misuli yake ili asitende anachokiota. Kwa kichanga kufuli hilo bado halijakaza. Amri ndogondogo zinapenya hadi kwenye mikono, miguu, uso na kisanduku cha sauti, na ndizo unazoziona na kuzisikia. Kuna watafiti wanaoona kwamba mishtuko hii midogo ndiyo inayoufundisha ubongo ramani ya mwili wake mwenyewe, yaani msuli upi unasogeza kiungo kipi.

Pumzi zinazokwenda mbio kisha zinasimama

Hili ndilo linalowatisha wazazi kuliko yote, kwa hiyo tulipe nafasi. Sehemu ya ubongo inayopima hewa chafu kwenye damu na kuamuru pumzi bado ni changa. Inachelewa kidogo kujibu, kisha inajibu kwa kupitiliza. Matokeo yake ni kwamba mtoto anapumua harakaharaka kwa sekunde kadhaa, hewa chafu inapungua mno, ubongo hauoni haja ya pumzi nyingine, naye anatulia kimya kwa sekunde 5 hadi 10. Hewa chafu ikipanda tena, pumzi zinarudi, pengine kwa mkupuo mmoja mkubwa kama wa mtu anayeshusha pumzi. Anaweza kurudia hivyo mara kadhaa mfululizo.

Ukimwona hivyo, angalia mambo matatu. Je, kimya kiliisha chenyewe bila wewe kumgusa? Je, kilikuwa chini ya sekunde 20? Je, ulimi na ndani ya midomo vilibaki na rangi yake? Majibu yote matatu yakiwa ndiyo, hiyo ni pumzi ya kichanga. Kimya cha sekunde 20 au zaidi si cha kawaida hata kama mtoto amezinduka vizuri baadaye. Kimya kifupi kuliko hapo nacho si cha kawaida ikiwa amebadilika rangi au amelegea kama kitambaa.

Sekunde 20 gizani ni ndefu kuliko unavyodhani, na hofu huzirefusha zaidi. Usizikadirie. Washa saa ya simu, au hesabu polepole "elfu moja na moja, elfu moja na mbili" hadi pumzi irudi. Mzazi aliyekuja akisema "hakupumua dakika nzima" mara nyingi akihesabu kweli hupata sekunde 7 au 8.

Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, yaani kabla ya wiki 37, ukimya huu hutokea mara nyingi zaidi na unaweza kugeuka wa hatari kwa urahisi zaidi. Ukiwa na mtoto wa namna hiyo, kizingiti chako cha kwenda hospitali kiwe chini kuliko cha jirani yako.

Kuguna: kuna kuguna na kuguna

Kuguna kwa kawaida kuna sababu nyepesi. Njia ya pua yake ni nyembamba, naye hupumua zaidi kwa pua, kwa hiyo ute kidogo tu au maziwa aliyocheua huleta mkoromo unaosikika chumba kizima. Pia hajajua kuratibu tumbo na njia ya haja: anasukuma kwa misuli ya tumbo huku amebana huku chini, anaiva uso, anakunja miguu, anaguna kwa nguvu, halafu choo kinatoka laini kabisa. Hiyo si kufunga choo. Choo kikiwa laini, hata akisukuma dakika 10, hakuna ugonjwa wa kutibu.

Kuguna kwa ugonjwa kunatoka mahali pengine. Mapafu yanapojaa maji au usaha, vifuko vidogo vya hewa hutaka kunywea kila mtoto anapotoa pumzi. Ili visinywee, mtoto hubana koo kidogo wakati wa kutoa hewa, ili shinikizo libaki ndani. Sauti ya hewa inayopenya hapo ndiyo mguno. Ni kazi anayoifanya ili aishi, ndiyo maana haachi: "m'h… m'h… m'h…", mwishoni mwa kila pumzi inayotoka, akiwa amelala, akiwa macho, akiwa kifuani kwako. Ni mguno mfupi, wa sauti ya chini, na wakati mwingine haufiki hata nusu ya kelele za yule mzima anayejikamua. Hapo ndipo watu hukosea: wanaogopa kelele kubwa, wanaupuuza mguno mdogo.

Kuna sauti ya tatu, ya filimbi au mkwaruzo, inayosikika wakati wa kuvuta hewa. Ikianza polepole katika wiki za mwanzo, ikawa kubwa zaidi akiwa chali au analia, na mtoto ananyonya na kuongezeka uzito, mara nyingi ni ulegevu wa juu ya kisanduku cha sauti unaopungua anavyokua. Ionyeshe kliniki siku za karibu. Ikianza ghafla, au ikiambatana na kifua kubonyea, usingoje kliniki.

Mishtuko: jaribio la kumwamsha

Mkono unaruka, mguu unapiga teke, kidevu kinatetemeka, wakati mwingine mikono yote inacheza mara kadhaa kwa kasi. Neno linalokuja kwanza kichwani ni degedege.

Mwamshe. Mnyanyue taratibu, mwite, mguse nyayo, mpaka afumbue macho na kukutazama. Mishtuko ya usingizi hukoma pale anapoamka na hairudi akiwa macho. Aina iliyo kali zaidi ya mishtuko hii huanza katika wiki mbili za kwanza na huisha yenyewe, kwa kawaida kabla ya miezi 6, bila dawa. Jambo moja la kuangalia: kumshika kiungo kwa nguvu ili kisiruke hakusaidii, na kwa mishtuko ya usingizi kunaweza hata kuizidisha. Usiichukue hiyo kuwa ushahidi wa degedege.

Akiwa macho, kanuni ni nyingine. Mtetemo wa kichanga aliye macho ukikoma mara tu unapoukunja mkono wake polepole na kuushika, huo ni mtetemo tu. Bado ikiwa unarudi mara kwa mara aonwe, kwa sababu sukari ikishuka hutetemesha hivyohivyo, hasa kwa mtoto mdogo sana, au wa mama mwenye kisukari, au asiyenyonya vizuri. Degedege haikomi kwa kushikwa. Inakwenda kwa mapigo ya utaratibu, macho yanakodoa au kuvutwa upande mmoja, midomo inatafuna hewa bila kukoma, miguu inazunguka kama anaendesha baiskeli, rangi inabadilika, na ukimwita hayupo. Hiyo ni ya kwenda hospitali mara moja, hata kama imeisha.

Hatua za kufuata usiku

1. Usimnyanyue bado. Kama kimya kinaendelea au rangi imebadilika, ruka hadi sehemu ya mwisho ya mwongozo huu. Vinginevyo mtazame kwanza akiwa amelala chali pale alipo. Wazazi wengi humwamsha mtoto aliyekuwa amelala usingizi mzuri tu wenye kelele, kisha wote wanakesha. Ikiwa macho yamefumbwa na kelele zinakuja na kuondoka, mpe dakika mbili tatu. Ama atazama kwenye usingizi mtulivu, ama ataamka kweli na kukutafuta kwa mdomo.

2. Tazama ulimi. Elekeza tochi ya simu ukutani au darini, si machoni pake, upate mwanga wa kutosha. Kwa ngozi nyeusi, usoni hapakuambii kitu. Ukweli uko kwenye ulimi, fizi na ndani ya mdomo. Viwe vyekundu au waridi. Vikiwa vya buluu, kijivu au vyeupe, hilo ni jibu tosha. Mikono na nyayo kuwa baridi na bluu kidogo katika siku za kwanza, huku ulimi ukiwa mwekundu, hakumaanishi hatari.

3. Funua kifua. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu mtoto amefungwa kanga mbili na sweta. Ondoa nguo hadi kitovuni kwa dakika moja. Tazama chini ya mbavu anapovuta hewa. Kwa kichanga, kubonyea kidogo ni kawaida, kwani ubavu wake ni laini. Kubonyea kwa ndani kunakoonekana wazi, kila pumzi, pamoja na pua kutanuka na kichwa kunesa, ni mtoto anayehangaika kupata hewa.

4. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Si sekunde 15 ukazidisha kwa nne: ukiangukia kwenye mbio utapata idadi ya kutisha, ukiangukia kwenye kimya utapata ya kufariji, na zote mbili ni za uongo. Tazama tumbo, kila likipanda ni moja. Hesabu akiwa ametulia, si anapojinyonga au kulia. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unahesabu pumzi 60 au zaidi kwa dakika kuwa za haraka, lakini unataka urudie: ukipata 60 au zaidi mara ya pili, ndipo uichukue kuwa kweli. Kuanzia 30 hadi chini ya 60 ni kawaida.

5. Mpe ziwa. Ukibaki na shaka baada ya hayo manne, mwamshe umnyonyeshe. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote vya nyumbani. Kunyonya ni kazi ngumu inayotaka mtoto aratibu kuvuta, kumeza na kupumua kwa pamoja. Mtoto anayepata shida ya hewa, au mwenye maambukizi, huacha kunyonya mapema: anashika, anavuta mara mbili tatu, anaachia, anasinzia. Mtoto anayenyonya kwa nguvu kama kawaida yake, kisha akalala, amekwisha kukuambia mengi.

6. Pima joto. Kipimajoto cha kwapani ni cha bei nafuu, na nyumba yenye kichanga inafaa iwe nacho. Joto la 37.5 na kuendelea ni homa kwa kichanga. La chini ya 35.5 ni hatari vilevile, na wengi hawalijui hili: kichanga mwenye maambukizi makali anaweza kuwa baridi badala ya kuwa moto. Akiwa amefunikwa sana, mpunguzie nguo, mnyonyeshe, upime tena baada ya nusu saa; lakini akiwa na dalili nyingine yoyote usisubiri kipimo cha pili.

7. Rekodi video. Dakika moja, kifua wazi, uso na tumbo vyote vionekane, taa ikiwaka, sauti ya redio na feni ikiwa imezimwa. Daktari akiona video hiyo atajua zaidi kuliko kutokana na maelezo ya nusu saa, maana mtoto akifika hospitali mara nyingi huwa ameacha kufanya alichokuwa anafanya.

Mfano: mtoto wa siku 16

Tuseme mtoto amezaliwa miezi imetimia, kilo 3.1, ana siku 16. Wanakaa chumba na sebule Mbagala. Mama yuko na mama mkwe wake. Amenyonya saa 7:10 usiku, akabeuliwa, akalazwa chali saa 7:25 ndani ya neti. Dakika 10 baadaye anaanza: anaguna mara tatu, kimya, anajinyoosha, anaiva uso, anaguna tena kwa nguvu, mkono wa kushoto unaruka mara mbili.

"Hilo chango hilo, mwanangu," anasema bibi. "Tumpe graipu wota."

"Ngoja kwanza tumwangalie, mama."

Ulimi ni waridi. Wanafungua kanga; chini ya mbavu panabonyea kidogo tu, pua haitanuki. Wanahesabu: 66. Lakini alikuwa anajinyonga wakati huo. Wanaona pia kimya kimoja. Kwa saa ya simu ni sekunde 8, kisha pumzi zinarudi zenyewe. Saa 7:50 uso umelegea, macho hayakimbii tena, pumzi zimepangika. Wanahesabu upya: 48. Mguno umeisha wenyewe. Mkono hauruki tena. Wanamfunika na kulala. Saa 10 alfajiri anaamka na njaa, ananyonya ziwa zima. Hakuna cha kutibu, wala graipu wota haikuhitajika.

Sasa tuseme siku mbili baadaye, mtoto yuleyule. Jioni alinyonya kwa shida, mara ya mwisho akavuta mara tatu akaachia. Saa 5 usiku anaguna, kwa sauti ndogo kuliko ile ya juzi, lakini kila anapotoa pumzi. Mama anamnyanyua na kumwamsha: anafumbua macho nusu, mguno unaendelea vilevile. Ulimi bado una rangi. Hesabu ya kwanza ni 68, ya pili 70, zote akiwa ametulia. Joto la kwapani ni 35.3.

Hapa mtu akisubiri asubuhi kwa sababu "juzi alifanya hivyohivyo" anakosea. Juzi hakufanya hivyo. Juzi mguno ulikuwa unakatika, uliisha wenyewe, na alinyonya. Leo mguno una utaratibu, haujali kuamka, pumzi ni zaidi ya 60 mara mbili, hanyonyi, na mwili umepoa. Moja tu kati ya hizi ingetosha kuwatoa nyumbani. Wanatoka usiku huohuo.

Mambo ya kuacha

Kuna mtu atawaambia ni kimeo. Kimeo hakiletei kichanga nimonia, na kukikata kumewatoa watoto damu na kuwaletea maambukizi makali. Kataa kwa heshima lakini kataa.

Usitie mafuta ya kupikia, ya nazi wala dawa za kuchua puani. Mafuta yakishuka kwenye mapafu yanaleta ugonjwa ambao haukuwapo. Pua ikiziba, matone mawili ya maji ya chumvi ya dukani, aina isiyo na dawa ndani yake, kila tundu, dakika chache kabla ya kunyonya, yanatosha. Yasipopatikana, mara nyingi chafya zake mwenyewe zinafanya kazi hiyo. Usiingize pamba wala kijiti.

Usimlaze kifudifudi eti kelele zipungue. Ni kweli zinaweza kupungua, kwa kuwa kifudifudi mtoto hulala fofofo na huamka kwa shida. Ugumu huo wa kuamka ndio unaofanya ulalaji huo uhusishwe na vifo vya ghafla vya watoto. Chali, juu ya godoro gumu, bila mto. Wala usimwinue kwa mito ili "apumue vizuri". Kidevu kikiangukia kifuani njia ya hewa hubanwa.

Na jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, hata kama ni msimu wa baridi Iringa au Limuru. Hewa yake ya sumu haina harufu, na moshi wa kuni nao unachokoza kifua kilekile unachokihofia.

Lini uondoke sasa hivi

Ondoka ukiona lolote kati ya haya: mguno kwa kila pumzi usiokoma akiamka, pumzi 60 au zaidi mara mbili akiwa ametulia, kifua kubonyea sana au pua kutanuka, kimya cha sekunde 20, ulimi kubadilika rangi, kukataa kunyonya, degedege, joto la 37.5 na zaidi au chini ya 35.5, au mtoto aliyelegea, asiyesogea mpaka achokozwe. Kitovu chenye usaha na wekundu unaosambaa, au manjano iliyofika viganjani na nyayoni, navyo visingoje siku ya kliniki.

Akiwa hapumui au amekuwa wa buluu, msugue mgongo na nyayo kwa nguvu kidogo na uite msaada. Asipozinduka, mlaze chali kwenye kitu kigumu, kichwa kikiwa sawa bila kukirudisha nyuma sana, ufunike mdomo na pua yake kwa mdomo wako na upulize pumzi 5 ndogo, kila moja ikiinua kifua kidogo. Asiposogea wala kupumua, zungusha viganja kifuani mwake na ubonyeze katikati kwa vidole gumba viwili, kina cha theluthi moja ya kifua, mara 30, kisha pumzi 2, na urudie hadi msaada ufike.

Njiani mweke kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, umfunike mgongo na kichwa lakini uso ubaki wazi uuone. Anayeweza kunyonya anyonye. Anayehangaika kupumua usimlazimishe maziwa, atapaliwa. Tanzania, usafiri wa dharura wa wazazi na vichanga unaitwa kwa simu bila malipo kupitia namba 115 ya m-mama. Beba kadi ya kliniki, na pale mapokezini usianze na "mtoto anaguna", maana nusu ya vichanga wanaguna. Anza na namba na saa: ana siku 18, anaguna kila pumzi tangu saa 5, pumzi ni 70 kwa hesabu mbili, joto ni 35.3, mara ya mwisho kunyonya vizuri ilikuwa saa 9 alasiri. Ukitoa maelezo hayo, hakuna nesi atakayekuacha kwenye foleni.